Kichekesho Kisichohitaji Mkalimani

Mwaka 1895 Louis Lumière wa Ufaransa alitengeneza filamu isiyofika hata dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia maji kwa mpira. Kijana mtundu ananyemelea nyuma yake, anaukanyaga mpira, na maji yanakatika. Mtunza bustani anaugeuza mpira achungulie kuna nini. Kijana anainua mguu. Maji yanamrukia usoni mpaka kofia inamtoka! Anamkimbiza yule mtundu, anamkamata, anamburura mpaka mbele ya kamera na kumcharaza.

Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo filamu hiyo ilionyeshwa Paris kwa watu waliolipa kiingilio, na mchezo wake ungali unaigwa hadi leo.

Siri yake haimo kwenye maji. Kicheko huanza kuchemka mapema, pale kijana anapoukanyaga mpira, kwa sababu mtazamaji anajua jambo ambalo mtunza bustani halijui. Tena amelijua kwa macho yake, bila kuambiwa na mtu. Mguu, mpira na uso vyote vimo katika picha moja. Lau kamera ingeonyesha uso peke yake, tungeona mtu aliyelowa tu, basi. Buster Keaton alilielewa hilo vizuri: mara nyingi aliiweka kamera mbali ili mwili wake mzima uonekane pamoja na kile kinachomjia. Kingine ni kwamba madhara ni madogo. Mtunza bustani angeng'oka jino, ukumbi ungenyamaza.

Maneno yalipoingia kwenye sinema, gharama ilionekana mara moja. Katika filamu za kimya ilitosha kubadilisha vibao vya maandishi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930, Laurel na Hardy walilazimika kuzirudia baadhi ya filamu zao kwa Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine wasizozijua, wakisoma matamshi yaliyoandikwa ubaoni nje ya picha. Kuanguka kwao hakukuhitaji ubao.

Mwingereza Rowan Atkinson alilipima jambo hili kwa makusudi. Mwaka 1987, kabla Mr. Bean hajaingia kwenye televisheni, alimpeleka mhusika huyo kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, akaomba apangwe katika onyesho la Kifaransa. Alitaka kuona kama wasiojua Kiingereza watacheka. Walicheka.

Hata hivyo, si kila kisichosemwa hueleweka kote. Ishara za mikono nazo zina lugha yake: dole gumba lililoinuliwa, ambalo kwetu ni "safi", kwa jadi ni tusi nchini Iran. Kwa hiyo mchekeshaji anayetaka kuvuka mipaka hutegemea zaidi vitu vyenyewe na uso wake. Khaby Lame, mzaliwa wa Senegali aliyekulia Italia, alianza kurekodi video baada ya kupoteza kazi ya kiwandani mwaka 2020. Katika video zake mtu anahangaika na njia ngumu ya kufanya jambo dogo; Khaby analifanya kwa urahisi, kisha anakunjua viganja na kutoa macho, kimya. Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok.