Usinunue Manukato kwa Harufu ya Dakika ya Kwanza

Unapopuliza manukato kwenye ngozi, vilivyomo havipai hewani kwa pamoja. Vilivyo vyepesi huruka kwanza, vizito hubaki nyuma. Ndiyo maana watengenezaji huigawa harufu katika ngazi tatu: ya juu, ya moyo na ya chini.

Chukua Shalimar, iliyotolewa na Guerlain wa Paris mwaka 1925. Ukiipuliza tu, unapokewa na ukali wa bergamoti, tunda la jamii ya ndimu. Hiyo ni harufu ya juu, na kwa kawaida hufifia ndani ya robo saa. Kisha hujitokeza moyo wake, asumini na waridi, unaokaa saa kadhaa. Mwisho hubaki vanila, tamu na nzito. Hiyo ndiyo ya chini, na kwenye nguo unaweza kuinusa hata kesho yake.

Mnunuzi mgeni hunusa ngazi ya kwanza tu, akalipa. Akifika nyumbani, ule uchangamfu wa ndimu umekwisha, na vanila iliyobaki pengine inamkera.

Kwa hiyo, puliza mara moja kwenye kifundo cha mkono, usisugue, kisha ondoka dukani. Nusa baada ya dakika 15, tena baada ya saa 2, na mara ya mwisho jioni. Usijaribu zaidi ya aina mbili kwa siku, moja kila mkono. Harufu ya jioni ndiyo utakayoishi nayo. Kama hiyo hukuipenda, usinunue.