Ukuta wa Zamani Katika Simu: Namna Tulivyoagiza Picha ya Nembo Yetu

Wengi wenu mmeona picha ya ukuta uliochakaa wenye nembo ya sabuni yetu, ile iliyozunguka katika simu juma lililopita. Mmetuuliza ukuta huo uko kwenye avenyu gani. Ukuta huo haupo. Tuliagiza picha kwa programu ya akili bandia inayochora kutokana na maneno. Leo tunaeleza jinsi tulivyoiagiza, na kosa tulilofanya baadaye.

Kikundi chetu kinatengeneza sabuni hapa Lubumbashi. Nembo yetu ni tone jeupe ndani ya duara la kijani, na majani mawili juu yake. Tulitaka karatasi ya kufungia sabuni yenye picha ya ukuta wa duka kama zile za Katuba, zilizochorwa kwa brashi na kupigwa na jua na mvua miaka mingi. Mteja akiona ukuta wa namna hiyo anakumbuka duka la mtaani kwao.

Mara ya kwanza tuliandika maneno machache tu: kibao cha zamani cha duka la sabuni chenye nembo. Ilikuja picha nzuri, lakini haikuwa yetu. Duka lilikuwa na mlango wa kioo kama wa Ulaya, tone letu likawa povu, na neno SABUNI likaandikwa SABUMI. Tulikasirika, kisha tukaelewa kwamba kosa lilikuwa letu. Programu haijawahi kuona nembo yetu. Usipoeleza inabahatisha, ikifuata picha nyingi ilizojifunza, na nyingi kati ya hizo si za kwetu. Herufi nazo inaziiga kama umbo tu, ndiyo sababu jina refu linaharibika upesi kuliko maneno mawili au matatu mafupi.

Mara ya pili tuliipa nembo yenyewe. Tuliweka karatasi ya nembo mezani, penye mwanga na pasipo kivuli, tukaipiga picha kutoka juu moja kwa moja, tukaiingiza pamoja na agizo. Umbo likatoka sawa. Lakini nembo ilionekana kama karatasi iliyobandikwa jana juu ya ukuta wa miaka mingi. Ufa wa ukuta ulifika kwenye duara ukakatika, ukaendelea upande wa pili. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia. Rangi ya kweli inapasuka pamoja na ukuta ulioibeba.

Hapo mama mwenzetu mmoja alitushauri tuache simu, twende kuangalia kuta. Tulitembea asubuhi moja kartiye nzima. Tuliona kwamba ukuta hauchakai kila mahali kwa namna moja. Chini, karibu na kimo cha goti, matone ya mvua yanarusha udongo mwekundu na kuacha madoa. Hapohapo unyevu unapanda kutoka ardhini na rangi inaanza kubanduka. Juu, chini ya ukingo wa bati, rangi inabaki nzima kwa sababu jua na mvua haviifikii sana. Katikati inapauka polepole. Na herufi za mchoraji hazilingani: brashi ikianza kukauka, mwisho wa mstari unakuwa mwembamba.

Kwa hiyo mara ya tatu hatukuandika tena neno “zamani” peke yake. Neno hilo pekee laweza kukuletea gofu. Tuliandika kilichouchakaza ukuta, na mahali kilipougusa. Tuliandika kwa Kifaransa, maana ndicho tunachoandika simuni:

```
Photo d'un mur de boutique à Lubumbashi, brique
crépie, vue de face. Le logo joint est peint au
pinceau sur le mur, même forme, rien d'ajouté.
Dessous, les mots "SABUNI YA MAMA".
Vert pâli par le soleil, terre rouge en bas,
écailles aux bords; les fissures traversent le logo.
Lettres lisibles. Aucun autre texte.
```

Angalieni mpangilio wake. Kwanza tunasema ukuta ni wa wapi na umejengwa kwa nini: matofali yaliyopigwa lipu. Halafu nembo, tukikataza kuongeza kitu. Halafu maneno ndani ya alama za kunukuu, ili programu ijue kwamba ndiyo ya kuandikwa ukutani. Kisha kuchakaa, kila doa na mahali pake, na nyufa zipite ndani ya nembo. Mwisho tunaweka mpaka: herufi zisomeke. Bila mpaka huo, uchakavu ungeweza kula jina lenyewe, na karatasi ya sabuni isiyosomeka haiuzi.

Picha hiyo ilikaribia sana. Lilibaki kosa moja: majani yalikuwa matatu. Hatukuandika agizo upya, maana ukibadilisha yote unaweza kupoteza hata yale yaliyokuwa mazuri. Tuliomba kitu kimoja tu: majani yawe mawili, mengine yote yabaki. Ikatoka vizuri.

Kama herufi zinakataa hata baada ya kujaribu mara tatu au nne, msimalize megabaiti zenu bure. Ombeni ukuta mtupu uliochakaa, kisha wekeni nembo yenu juu yake kwa programu ya kawaida ya kupanga picha. Punguzeni uzito wa rangi yake kidogo kidogo mpaka nyufa na madoa ya ukuta yaonekane kupitia ndani yake. Umbo litabaki lenu kabisa.

Kabla ya kupeleka picha kwa mchapaji, ikuzeni na someni herufi moja moja. Hesabuni sehemu za nembo mkiilinganisha na karatasi yenu. Angalieni kama vivuli vyote vinaelekea upande mmoja. Angalieni pia pembeni, maana programu hupenda kuweka vibao vingine vyenye maneno yasiyo na maana, au kitu kinachofanana na alama ya kampuni ya watu.

Sasa kosa letu. Tulituma picha katika simu bila kuandika neno lolote. Mama mmoja mteja alitoka Likasi na pesa za katoni mbili, akazunguka Katuba tangu asubuhi akiuliza, “Wamama, duka lile lenye ukuta wa kijani liko wapi?” Alitufikia jioni, miguu imejaa vumbi. Alisema, “Nilidhani mumeniibia.” Tulimwomba msamaha na kumrudishia nauli. Picha ile ilikuwa imemwambia kwamba tuna duka, tena la miaka mingi. Sisi tunauzia nyumbani kwa mama mhasibu wetu, na kikundi bado ni kichanga.

Tangu siku hiyo, chini ya picha tunaandika “Picha ya kubuni” na mahali pa kweli tunapouzia. Maneno hayo tunayaandika wenyewe kwa herufi za kawaida, hatumwachii mchoraji wa simu. Tumeyaweka pia kwenye karatasi ya sabuni.

Na ukuta wa kweli? Mama mhasibu ametupa upande mmoja wa ukuta wa kiwanja chake. Tumemwonyesha picha mchoraji wa vibao wa kartiye. Aliitazama akacheka, akatuambia atauchora mpya, kuchakaa tuiachie mvua. Tumeshamlipa nusu ya bei, na nusu nyingine atapata akimaliza. Mama wa Likasi akirudi, atauona ukuta huo.