Betri Iliyolala na Betri Iliyokufa: Yanayotokea Ndani ya Seli ya Lithiamu Inapokamuliwa Chini ya Kikomo cha Volti

Ikisiri

Katika Kiswahili cha kila siku husemwa kwamba betri "imekufa" iwe imeisha chaji tu, iwe imekatwa na sakiti yake ya ulinzi, au iwe imeharibika kemikali zake. Makala hii inaeleza hali ya tatu, hasa kuyeyuka kwa shaba ndani ya seli, na kuonyesha kwa nini tofauti baina ya hali hizo inapaswa kuonekana katika maelekezo ya mtumiaji na katika viwango vya ubora.

Utangulizi

Taa ya sola iliyokaa kabatini miezi mitatu huletwa kwa fundi. Fundi hugusisha ncha za mita kwenye waya za betri, mita husoma sifuri, naye hutamka kwamba betri imekufa. Hukumu hiyo huenda ikawa kweli, na huenda isiwe. Sifuri ile yaweza kuwa ya seli yenyewe, au ya sakiti ndogo ya ulinzi iliyofunga mlango ili seli isikamuliwe zaidi. Katika hali ya kwanza seli imekwisha kuharibika. Katika hali ya pili seli bado ina volti mbili na zaidi, nayo imelala tu. Neno moja linabeba mambo mawili yanayodai matendo mawili yaliyo kinyume: moja kutupwa, jingine kuamshwa.

Ili tofauti hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ijulikane volti inayosomwa na mita ni ya nini hasa.

Volti moja, elektrodi mbili

Seli ya lithiamu ina elektrodi mbili. Ile hasi ni unga wa grafiti uliopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba, yenye unene wa takribani mikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Ile chanya ni unga wa oksidi ya metali, mara nyingi yenye nikeli au kobalti, uliopakwa juu ya karatasi ya alumini. Kati yake kuna kitenganishi cha plastiki chenye vitundu, na vyote vimeloweshwa elektroliti, ambayo ni chumvi ya lithiamu ndani ya kiyeyushi cha kikaboni. Seli inapotumika, ioni za lithiamu hutoka kwenye grafiti na kwenda kuingia kwenye oksidi, inapochajiwa, hurudi.

Mita haioni elektrodi hata moja peke yake. Inachosoma ni tofauti ya viwango viwili. Kila elektrodi ikipimwa dhidi ya metali ya lithiamu, seli iliyojaa huwa na oksidi kwenye takribani volti 4.3 na grafiti kwenye volti 0.1, na tofauti yake ndiyo volti 4.2 iliyozoeleka. Seli inapokaribia kuisha, oksidi huwa imeshuka hadi karibu na volti 3.5. Grafiti hubaki chini kwa muda mrefu, kisha lithiamu yake inapokwisha kiwango chake hupanda ghafla kama maji ya bamvua. Seli ikisoma volti 3.0, grafiti imefika karibu na 0.5, ikisoma 2.5, imefika karibu na 1.0. Kwa hiyo kushuka kwa volti ya seli mwishoni mwa safari, kwa sehemu kubwa, ni kupanda kwa elektrodi hasi. Kikomo cha volti 2.5 au 3.0 ambacho watengenezaji huandika kimewekwa ili kuizuia elektrodi hiyo isiendelee kupanda.

Jambo hili ndilo linaloeleza kwa nini shaba imo humo na kwa nini inaweza kuharibika. Alumini ni nyepesi na ya bei nafuu kuliko shaba, lakini haiwezi kutumika upande wa grafiti kwa sababu katika viwango vya chini vya volti huungana na lithiamu na kuvunjikavunjika. Shaba haina udhaifu huo. Imechaguliwa kwa imani kwamba elektrodi hasi itakaa chini daima. Imani hiyo ikivunjwa, shaba inajikuta mahali ambapo haikuumbiwa kukaa.

Utando hutangulia, shaba hufuata

Kabla shaba haijaguswa, kuna kitu kingine kinachoumia. Juu ya chembe za grafiti hujengeka, katika chaji za mwanzo kabisa kiwandani, utando mwembamba unaotokana na elektroliti iliyooza kidogo. Utando huo huruhusu ioni za lithiamu kupita na kuzuia elektroliti isiendelee kuoza. Elektrodi hasi inapopanda kupita kiasi, sehemu ya utando huanza kuvunjika na kutoa gesi. Hii ndiyo sababu moja ya seli za pakiti laini kuvimba baada ya kuachwa bila chaji. Seli ikichajiwa tena, utando hujengwa upya, na lithiamu ya kuujenga huchotwa kutoka akiba ileile inayohifadhi chaji. Lithiamu iliyofungwa ndani ya utando hairudi tena kazini. Hapo ndipo sehemu ya kwanza ya upungufu wa kudumu inapopatikana, hata kama hakuna chembe ya shaba iliyotoka mahali pake.

Shaba yenyewe huanza kuyeyuka elektrodi hasi inapofika takribani volti 3.3 hadi 3.5 dhidi ya lithiamu. Kwa kuwa oksidi nayo iko karibu na 3.5, tofauti ya viwango hivyo ni ndogo sana: seli imekaribia volti sifuri. Atomi za shaba huacha elektroni zao kwenye karatasi na kuingia kwenye elektroliti zikiwa ioni. Unyevu na asidi kidogo vilivyomo humo huweza kuharakisha kazi hiyo. Karatasi yenye unene wa mikromita 10 haina cha kupoteza: hutoboka, grafiti hubanduka, na ukinzani wa ndani wa seli hupanda.

Hata hivyo, madhara makubwa zaidi hutokea si wakati wa kukamuliwa bali wakati wa kuchajiwa tena. Ioni za shaba zilizoelea hugeuka kuwa metali kwa urahisi zaidi kuliko ioni za lithiamu, kwa hiyo hutua kwanza. Hutua juu ya grafiti na kuziba vitundu vyake, na nyingine hujenga vijiti vinavyopenya kwenye kitenganishi hadi kugusa upande wa pili. Vijiti hivyo ni shoti ndogo ndani ya seli. Shoti nyembamba hunyonya chaji kimyakimya. Ile nene hutoa joto linaloweza kuwasha elektroliti. Mtu anayemshukuru fundi kwa "kufufua" seli ya volti sifuri huenda amerudishiwa kitu hatari zaidi kuliko alichokipeleka.

Mfano wa taa kabatini

Ichukuliwe taa yenye seli moja ya miliampea-saa 2000, iliyozimwa pale mwanga ulipofifia, ikiwa imebakiwa na miliampea-saa 40. Sakiti ya taa, hata ikiwa imezimwa, inanyonya maikroampea 50. Kwa siku moja hiyo ni miliampea-saa 1.2. Akiba ya 40 itakwisha kwa siku 33, na zilizosalia katika miezi mitatu ni siku za kuyeyuka kwa shaba. Taa ileile ikihifadhiwa na nusu ya chaji, yaani miliampea-saa 1000, kwa unyonyaji huohuo ingehitaji zaidi ya miaka miwili kufika hapo, ukiacha kando chaji ambayo seli hupoteza yenyewe.

Sakiti ya ulinzi hubadili hesabu hiyo. Aina inayoonekana mara nyingi katika vifaa vya bei nafuu, yenye chipu iitwayo `DW01`, hukata seli inaposhuka hadi karibu volti 2.4, kisha yenyewe hulala na kunyonya maikroampea 0.1 au chini ya hapo. Waya za nje husoma sifuri au karibu nayo. Fundi anayetaka kujua ukweli hana budi kupima kwenye ncha za seli yenyewe, nyuma ya sakiti hiyo. Akikuta volti 2.3, seli imelala, na chaji ndogo ya takribani sehemu moja ya kumi ya kiwango cha kawaida hadi ifike volti 3.0 hutosha kuiamsha. Akikuta seli iliyokaa chini ya volti 1.5 kwa wiki moja au zaidi, ushauri wa kawaida ni kutoijaribu kabisa.

Kati ya hali hizo mbili kuna eneo la shaka, na hapo muda huamua kuliko volti. Seli iliyoshuka hadi volti 1 kwa saa chache inaweza kupona kwa hasara ndogo. Iliyokaa hapo kwa miezi ni habari nyingine. Kipimo kinachofaa ni kuichaji polepole, kuitenga mahali pasipoungua, na kupima tena baada ya wiki. Seli nzima hupoteza volti kidogo sana. Ile inayoteremka siku hadi siku bila kufungwa kwenye kifaa chochote ina shoti ndani yake. Kutoteremka, hata hivyo, si cheti cha uzima, kwa sababu vijiti vya shaba vinaweza kuendelea kukua katika chaji zijazo.

Betri ya seli nyingi na swali la kiwango

Katika betri ya pikipiki ya umeme tatizo hujificha zaidi. Betri ya seli 10 zilizofuatana, yenye kikomo cha volti 30, itaonekana iko sawasawa ikiwa seli tisa zina volti 3.3 kila moja na ya kumi ina 0.3: jumla ni volti 30.0 kamili. Seli dhaifu ndiyo inayoyeyusha shaba yake huku kipimo cha jumla kikiripoti amani. Mkondo ukiendelea kupita, seli hiyo hugeuzwa nguzo na kusoma chini ya sifuri. Kiwango cha ubora kinachodai "ulinzi dhidi ya kukamuliwa kupita kiasi" bila kusema kwamba kila seli ipimwe peke yake hakijadai chochote dhidi ya hali hii. Ni upungufu wa lugha ya kanuni kabla ya kuwa upungufu wa ufundi.

Usafirishaji nao una upande wake. Tangu Aprili 2016, seli za ioni za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kwa ndege hazipaswi kuzidi asilimia 30 ya chaji, kwa sababu za moto. Kanuni hiyo ni sahihi kwa angani, lakini maana yake ni kwamba shehena inayoshuka Entebbe au Kigali imeanza maisha yake ya ghalani karibu zaidi na kikomo cha chini. Tarehe ya kuchajiwa upya ghalani ingefaa kuandikwa kwenye katoni, kama inavyoandikwa tarehe ya mwisho ya dawa.

Zipo seli ambazo hazihitaji tahadhari hii. Seli za ioni za sodiamu hutumia alumini pande zote mbili, kwa kuwa sodiamu haiungani na alumini jinsi lithiamu ifanyavyo, na kwa hiyo zinaweza kusafirishwa na kuhifadhiwa zikiwa volti sifuri. Kwa seli hizo sentensi "betri imefika sifuri" haina msiba wowote, na mwandishi wa maelekezo ya Kiswahili atakayenakili onyo la betri ya lithiamu kwenye kasha lake atakuwa amemtisha mtumiaji bure.