Simu ibaki nyumbani

Wazazi na walezi wa Kidato cha Pili, sheria ni hii: mwanafunzi haingii darasani na simu, hata ikiwa imezimwa. Anayeihitaji kwa sababu ya safari ndefu ataizima na kumkabidhi mwalimu wa darasa asubuhi, ndani ya bahasha yenye jina lake, kisha ataichukua kengele ya mwisho ikilia.

Wengi mnauliza, ikikaa kimya mkobani ina ubaya gani? Tazameni mtoto anayekokotoa 3x + 7 = 22. Ameshatoa 7 pande zote, amebaki na 3x = 15, mara simu inatetemeka. Hata asipoishika, anawaza nani kaandika. Akirudi ubaoni, mwalimu yuko swali jingine, naye hajui ile 15 ilitoka wapi. Daftari lake litakuonyesha: hesabu zinaanza vizuri, zinakatikia katikati.

Lililo zito zaidi ni kamera. Mtoto akikosea kusoma kwa sauti, mwenzake akamrekodi, jioni video iko kwenye magrupu ya Wosapu. Kesho yake hanyooshi mkono tena. Hilo silivumilii.

Simu ikikamatwa, mzazi ataifuata mwenyewe ofisini. Ikikamatwa tena, itakaa hadi shule ifungwe. Mara ya tatu, tutakutana mbele ya kamati ya nidhamu. Aliyemrekodi mwenzake anapelekwa huko moja kwa moja.

Kukiwa na dharura, pigeni simu ya ofisi. Mtoto ataitwa mara moja.