Sauti kukauka na kikohozi kisichoisha: Huenda chanzo ni tumbo

Je, msomaji, wewe ni mmoja wa wale wasioweza kusema neno asubuhi kabla ya kujikohoza mara mbili tatu? Sauti hutoka ikikwaruza, na mpaka ifike saa nne hivi ndipo inyooke. Kooni unahisi kama kuna kitu kimekwama, mfano wa kamasi nzito isiyotemeka wala kumezeka. Umemaliza chupa kadha za dawa ya kikohozi na nafuu huioni.

Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, huenda koo lako halina ugonjwa wake lenyewe. Huenda linaunguzwa na asidi inayotoka tumboni.

Watu wengi wakielezwa jambo hili hukataa. "Lakini mimi sina kiungulia," husema. Hapo ndipo penye kosa, kwani wengi wanaoathirika kooni kwa njia hii hawasikii kiungulia hata kidogo. Ili kuelewa sababu yake, lazima tuifuate asidi hiyo kutoka inakoanzia.

Chakula unachomeza hupita katika umio, yaani mrija unaounganisha koo na tumbo. Umio una misuli miwili ya duara inayofunga na kufungua kama mdomo wa mfuko wa kamba, mmoja chini unapokutana na tumbo na mwingine juu unapokutana na koo. Hata mtu mwenye afya nzuri hupandwa na asidi kidogo katika umio mara nyingi kwa siku, hasa baada ya kula. Hadhuriki kwa sababu umio umejiandaa. Ukuta wake ni mgumu kiasi, hujikaza na kuirudisha asidi chini, na mate unayomeza huipunguza makali.

Zoloto, kile kisanduku cha sauti kilicho juu ya bomba la hewa, hakina kinga kama hiyo. Nyuzi za sauti ni laini mno. Asidi kidogo ambayo umio usingeijali inatosha kuzivimbisha, na kwa kuwa haikukaa sana ndani ya umio, kifua hakikuungua. Hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kupwelea sauti kwa miezi bila kujua kiungulia ni nini.

Tena asidi haipandi peke yake. Huandamana na pepsini, kimeng'enya ambacho kazi yake tumboni ni kuvunjavunja nyama, maharagwe na vyakula vingine vya protini. Watafiti wameikuta pepsini ndani ya seli za zoloto za wagonjwa wa aina hii. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba pepsini inaweza kutulia bila kufanya kazi mahali pasipo na asidi, kisha ikaamka asidi inapofika. Nayo asidi hiyo si lazima itoke tumboni. Inaweza kuwa ya soda au ya limau.

Hapa hebu tumchukue mwalimu mmoja wa shule ya msingi jijini Nairobi awe mfano wetu, kwani kisa chake kinafanana na vya wengi. Yeye ana umri wa miaka 41, havuti sigara, na hutumia sauti kutwa nzima. Sauti yake ilianza kukauka mwezi wa Januari, naye akadhani ni chaki na kelele za darasa. Mwezi wa Februari kikohozi kikavu kikaongezeka. Muuza dawa akampa viuavijasumu vya siku 5, halafu vingine vya siku 7. Havikumsaidia, na visingeweza kumsaidia, kwa sababu hapakuwa na viini vya kuua.

Akageukia tiba za nyumbani. Kila jioni alikunywa ile "dawa" yetu ya tangawizi, limau na asali ikiwa moto, na mchana akamumunya peremende za mnanaa. Vyote viwili vilimpa raha ya dakika chache. Hata hivyo, limau ni asidi tupu inayopitishwa juu ya koo lililokwisha kuchubuka, na mnanaa hulegeza ule msuli wa chini wa umio, mlango ukabaki wazi. Alikuwa akilipa pesa zake kuuendeleza ugonjwa. (Asali yenyewe haina hatia. Ukiipenda, inywe katika maji ya vuguvugu bila limau.)

Alipofika hospitalini mwezi wa Machi, daktari hakukimbilia kusema ni asidi, na hapo alifanya vyema. Katika nchi yetu, mtu aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu kwanza. Makohozi yake yalipimwa, kifua kikapigwa picha, na havikuonyesha ugonjwa. Akaulizwa kama ana pumu au mafua yanayoteremka nyuma ya pua. Akaulizwa pia kama anatumia dawa za shinikizo la damu, kwa maana zile za jamii ya enalaprili na kaptoprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu ambacho hakikomi mpaka dawa ibadilishwe. (Ikiwa wazitumia, usiziache kwa uamuzi wako. Mwone daktari akubadilishie.) Hakuwa na lolote kati ya hayo.

Ndipo akapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huyu alipitisha puani mrija mwembamba unaopindika, wenye kamera nchani, akazitazama nyuzi za sauti. Shughuli hiyo huchukua dakika chache, na mgonjwa hukaa kitini akiwa macho. Palionekana wekundu na uvimbe upande wa nyuma wa zoloto, ule uliopakana na mlango wa umio. Hapakuwa na kinundu wala kidonda.

Msomaji, elewa kwamba wekundu huo si ushahidi kamili. Koo la mvutaji sigara, la mwenye mzio, au la mtu anayejikohoza kutwa, linaweza kuonekana vivyo hivyo. Faida kubwa ya kamera ni kuhakikisha kwamba hakuna kitu kibaya zaidi. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2018 unasema kwamba sauti iliyokauka kwa wiki 4 bila kupona yafaa zoloto litazamwe, na kwamba mgonjwa ambaye shida yake ni sauti pekee asipewe dawa za asidi kabla ya kutazamwa. Usingoje wiki hizo ikiwa unakohoa damu, unapumua kwa shida, chakula kinakwama, unakonda bila sababu au una uvimbe shingoni. Wavutaji sigara na wanywaji pombe wasikawie, kwani saratani ya zoloto nayo huanza kwa kukausha sauti.

Swali lililofichua mambo lilikuwa rahisi: "Mwalimu, unakula saa ngapi, na unalala saa ngapi?" Kwa sababu ya msongamano wa magari, alifika nyumbani saa mbili usiku. Alisahihisha madaftari, akala ugali na nyama ya kukaanga saa tatu na nusu, akateremshia kikombe kikubwa cha chai, na saa nne alikuwa kitandani. Tumbo lililojaa likalazwa sawa na koo. Usingizini mtu humeza mate mara chache sana, hivyo kilichopanda hubaki huko juu kwa muda mrefu. Ndiyo maana sauti yake ilikuwa mbovu zaidi asubuhi.

Agizo la kwanza lilihusu saa. Chakula cha mwisho kiwe angalau saa 3 kabla ya kulala. Mwalimu alilalamika kwamba haiwezekani, na nadhani wengi wenu mngelalamika pia. Wakakubaliana kwamba ale chakula kizito shuleni mchana, ale kitu kidogo saa kumi na moja kabla ya kupanda matatu, na usiku atosheke na uji au ndizi kisha asahihishe madaftari akiwa ameketi. Chai ya usiku, soda, limau na peremende za mnanaa vikaondolewa.

Agizo la pili lilikuwa kuinua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka matofali au vipande vya mbao imara chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakufai, kwa maana humkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo. Kulala ubavu wa kushoto pia husaidia, kwani tumbo hukaa chini ya mdomo wa umio.

La tatu ndilo lililomshinda zaidi: kuacha kujikohoza. Kila unapojikohoza, nyuzi za sauti hupigana kwa nguvu, huvimba na kutoa ute, nao ute hukufanya ujikohoze tena. Alifundishwa kubeba chupa ya maji, na kila koo likimwasha ameze funda moja, au ameze mate tu kwa nguvu.

Vipi kuhusu dawa? Alipewa omeprazoli miligramu 20, tembe moja kila siku, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Wengi huinywa baada ya chakula au wakati wa kulala, nayo hupoteza nguvu, kwa sababu hufanya kazi vizuri pale tumbo linapoanza kutengeneza asidi kwa ajili ya chakula. Hata hivyo, usiitegemee kupita kiasi. Mwaka 2021 kulichapishwa utafiti wa Uingereza ambapo wagonjwa wenye dalili za koo walipewa lansoprazoli mara mbili kwa siku kwa wiki 16, na wenzao tembe zisizo na dawa. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Dawa hizi hupunguza asidi, lakini hazizuii yaliyomo tumboni, pepsini ikiwemo, kupanda juu.

Kwa hiyo daktari huzijaribu kwa muda uliowekwa, na zisipofaa hutafuta chanzo kingine badala ya kuongeza tembe. Mtu aliyezitumia kwa miezi asizikatize ghafla bila ushauri, kwani tumbo linaweza kutoa asidi nyingi kuliko awali. Ipo pia dawa ya maji ya alginati, inayotokana na mwani wa baharini, ambayo huelea juu ya chakula tumboni kama kifuniko. Hunywewa baada ya kula na kabla ya kulala.

Mwalimu wetu alianza matibabu mwishoni mwa Machi. Wiki 3 za kwanza hakuona tofauti, na karibu akate tamaa. Koo huchelewa kupona kuliko kifua chenye kiungulia, na mara nyingi huhitaji miezi 2 au 3. Katikati ya Mei kikohozi cha usiku kilikoma. Mwezi wa Juni tembe zikapunguzwa polepole hadi zikaachwa, na sauti ya asubuhi ikawa imenyooka. Mwezi wa Agosti alihudhuria arusi, akala nyama choma na soda mbili saa tano usiku, akalala. Siku ya pili alipoitikia simu, mkewe wa mjomba alidhani anaongea na mwanamume mwingine. Safari hii hakwenda kununua viuavijasumu. Alirudia uji wake wa jioni, na baada ya siku chache sauti ikarejea.