Daraja limefunguliwa, matangazo bado yanasema feri

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, na kilomita zake 3 zikamaliza foleni ya feri kwenye barabara ya Mwanza kwenda Geita. Kwa kampuni za utalii za Mwanza zinazotafuta wageni kupitia Google, siku hiyo ilizaa kazi nyingine. Kila tangazo lililotaja feri ya Busisi lilikuwa limepitwa na wakati, na matangazo yenyewe yalikuwa yakiendelea kuonekana na kulipiwa.

Tuchukue kampuni ya mfano yenye kampeni 40, nyingi zikiwa za Kisiwa cha Rubondo. Kufungua tangazo moja moja ni kazi ya siku nzima. Ndiyo maana watu wa fani hii hutumia Google Ads Editor, programu ya bure inayowekwa kwenye kompyuta. Inashusha akaunti nzima, unairekebisha ukiwa nje ya mtandao, na hakuna kinachobadilika kwa wateja mpaka ubonyeze `Post`. Utulivu huo ndio faida yake kubwa. Pia ndio mtego wake, kwa sababu nakala iliyo kwenye kompyuta haijui mwenzako amebadilisha nini tangu jana. Anza kwa `Get recent changes`, kisha hifadhi nakala ya akaunti kwenye faili kabla ya kugusa chochote.

Kishawishi kinachofuata ni kubadilisha kila `Ferry` kuwa `Bridge` kwa mpigo mmoja. Usifanye hivyo. Kampuni hiyohiyo inauza safari za Ukerewe, na watu bado wanakwenda Nansio kwa meli na feri. Ukibadilisha neno lenyewe tu, utamtangazia mgeni daraja ambalo halipo. Tafuta `Busisi Ferry`, maneno mawili pamoja, na chuja kwanza kampeni za Rubondo na Geita pekee.

Hata hapo kuna herufi za kuhesabu. Kichwa cha tangazo hakiruhusiwi kuzidi herufi 30, nafasi zikihesabiwa. `Rubondo Trips via Busisi Ferry` kina 30 kamili. Weka `Bridge` na kinakuwa na 31, kwa hiyo Editor itakiwekea alama ya kosa na kukataa kukituma. Kata `Trips` iwe `Trip`, yaishe. Kumbuka pia kwamba viungo vidogo vilivyo chini ya tangazo vinahifadhiwa mahali pengine ndani ya Editor. Usipovitafuta huko, mgeni atasoma daraja juu na feri chini.

Ukitaka kubadilisha na bajeti, jedwali ndilo linalofaa, na mimi nashikilia kwamba jedwali zuri ni jembamba. Weka safu inayotambulisha kampeni na safu unayotaka kubadilisha, basi:

```
Campaign,Budget
Rubondo - UK,12
Rubondo - DE,9
```

Anayepakua akaunti yote Jumatatu, akarekebisha safu moja na kupakia faili zima Ijumaa, anarudisha pia bajeti na hali za Jumatatu. Kampeni ambayo mwenzake aliisimamisha Jumatano inaweza kuamka bila mtu kuiamsha. Safu ambayo haimo kwenye faili haiwezi kuharibu kitu.

Jina nalo lazima lifanane kabisa. Ukiandika `Rubondo-UK` bila nafasi, Editor haioni kampeni uliyoikusudia, inatengeneza mpya. Dalili iko kwenye muhtasari unaotokea baada ya kupakia: ulitarajia kampeni 2 zilizobadilishwa, unaona 1 imebadilishwa na 1 imeongezwa. Kataa mabadiliko hayo na urudi kwenye faili.

Angalia na sarafu. Akaunti iliyofunguliwa kwa dola haielewi shilingi. Mhasibu akiandika 25000 akiwaza shilingi, ameidhinisha dola 25,000 kwa siku, na Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku katika siku moja yenye wateja wengi. Panga jedwali lote kwa safu ya bajeti, kuanzia nambari kubwa kwenda ndogo, kabla ya kupakia; kosa la namna hii litajitokeza juu kabisa.

Baada ya `Check changes`, tuma kampeni moja tu kwanza. Maandishi yakibadilika, tangazo hurudi kukaguliwa, na mara nyingi ukaguzi huisha ndani ya siku moja ya kazi. Ukituma zote 40 Ijumaa jioni, zote zinaingia ukaguzini kwa pamoja wakati ofisi imefungwa. Ya kwanza ikishapita, fungua ukurasa ambao tangazo linampeleka mgeni. Mara nyingi picha ya feri bado iko hapo, na hiyo Editor haiwezi kuibadilisha.