RSI ikivuka 70, usikimbilie kuuza

Wauzaji na wanunuzi wa hisa, fedha za kigeni na bitcoin huitazama sana RSI, ule mstari unaopanda na kushuka kati ya 0 na 100 chini ya chati ya bei. Ulibuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1978. Ukivuka 70, wengi husema bei imenunuliwa kupita kiasi, wakauza. Katika soko linalopanda kwa nguvu, uamuzi huo huwaumiza, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini.

Chukua hisa moja na siku 14. Jumlisha shilingi zote ilizopanda katika siku za kupanda: tuseme 42. Jumlisha ilizoshuka katika siku za kushuka: 14. Gawa kila jumla kwa 14, upate wastani wa kupanda 3 na wa kushuka 1. Uwiano wao, RS, ni 3. Kisha:

```
RSI = 100 - 100/(1 + RS)
    = 100 - 100/4 = 75
```

Hapo hakuna mahali tulipouliza kama hisa ni ghali. Tumelinganisha tu nguvu ya kupanda na ya kushuka. Siku 14 zinazofuata zikienda vivyo hivyo, RSI itabaki 75 na bei itakuwa imeongezeka shilingi 28 nyingine. Aliyeuza mara ya kwanza alipoiona 75 amezikosa zote.

Hata RSI ikishuka, bei si lazima ishuke. Wastani wa kupanda ukipungua hadi 1.5, wa kushuka ukibaki 1, RSI inakuwa 60, na bado bei imepanda shilingi 21 dhidi ya 14 za kushuka. Kilichopungua ni kasi. Ni chini ya 50 ndipo kushuka kunapozidi kupanda.

Bitcoin ilionyesha hayo waziwazi. Novemba 2020, bei ikiwa karibu dola 16,000, RSI ya siku 14 ilikuwa tayari juu ya 70. Mwishoni mwa mwezi bei ilianguka ghafla kutoka zaidi ya 19,000, lakini anguko hilo likakomea juu kidogo ya 16,000. Desemba ikavuka 20,000, na mapema Januari 2021 ikapita 40,000. Waliouza kwa kubashiri kuanguka walipata hasara kubwa.

Kwa hiyo tazama kwanza mwelekeo. Bei inapozunguka kati ya sakafu na dari zilezile kwa wiki nyingi, 70 husaidia kweli kuonyesha kwamba imekaribia dari. Ikiwa inaendelea kuweka vilele vipya, mchambuzi Constance Brown alionyesha kwamba RSI huelekea kucheza kati ya 40 na 90. Huko, cha kuangalia ni iwapo inaposhuka inageukia karibu na 40 au inaivunja. Ikiivunja, nguvu iliyokuwa ikibeba bei imeanza kuisha.